Meno Manne Katika Jiwe la Kaburi: Uchambuzi wa Kisa cha Tarehe Iliyosomwa Vibaya

Usuli wa kisa

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa mwambao wa Afrika Mashariki. Majina ya watu, ya mji na ya ukoo yameondolewa, pamoja na maneno machache ya jiwe lenyewe ambayo yangewatambulisha wenyewe. Ukoo unaohusika una makaburi yake nyuma ya msikiti wa zamani, na miongoni mwake limo kaburi la mwanamke lenye jiwe la matumbawe upande wa kichwani. Jiwe hilo limechongwa mistari saba ya Kiarabu kwa mwandiko wa thuluthi, ambao herufi zake hupandana ili maneno mengi yatoshe mahali padogo. Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani makaburi hupakwa chokaa, na kwa miaka mingi chokaa hiyo imeingia ndani ya michongo hata nukta nyingi zimezibika.

Ukoo ulikuwa ukiandaa shajara ya nasaba, na ukataka pia kuweka kibao kidogo cha marumaru pembeni ya kaburi chenye tafsiri ya Kiswahili, kwa kuwa vijana wanaokuja kuzuru hawasomi tena Kiarabu. Kijana mmoja alipiga picha mbili kwa simu, akamtumia mfasiri aliye mji mwingine. Tafsiri ilirudi, kibao kikachongwa, shajara ikachapwa. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Mambo yalivyokwenda

Kibao cha kwanza kilisema kwamba bibi huyo alikufa siku ya Jumatatu, tarehe 12 Rajabu mwaka 1297, yaani Juni 1880. Kilisema pia kwamba alikuwa maskini, kwamba alikuwa mwanamke huru, na kwamba aliuawa shahidi.

Mzee mmoja wa ukoo, mwenye umri unaokaribia miaka tisini, alisomewa kibao hicho akiwa amekaa barazani. Aliuliza mwaka mara tatu. Kisha akaagiza aletewe msahafu wa baba yake, ambao katika ukurasa wake wa mwanzo, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba nyingi za pwani, zimeandikwa tarehe za kuzaliwa kwa watoto. Baba yake ameandikwa humo kuwa alizaliwa Jumada ya pili mwaka 1298, yaani Mei 1881, na mama yake ni huyo bibi wa kaburini. Ikiwa bibi alifariki Rajabu 1297, basi alimzaa mtoto miezi kumi na mmoja baada ya kuzikwa. Vijana waliochapa shajara walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo, na badala ya kulitilia shaka jiwe walimtilia shaka mzee: wakamhamisha baba yake na kumwandika chini ya mke wa pili wa babu.

Mzee alipokuja kwangu na mjukuu wake hakupandisha sauti. Alisema, "Maalim, baba yangu alikuwa na mama, na mama yake yupo pale nyuma ya msikiti. Nisomee wewe."

Nilizitazama picha mbili za awali. Zote zilipigwa adhuhuri, jua likiwa utosini, na mpiga picha akiwa amesimama akainamisha simu, hivyo mistari ya chini ilikuwa imebanwa kuliko ya juu. Zilikuwa zimetumwa kama picha za kawaida za WhatsApp, ambayo huzipunguza. Niliomba picha mpya, nikaeleza namna ya kuzipiga. Kabla maelezo yangu hayajafika kwa wote, ndugu mwingine wa ukoo, kwa nia njema kabisa, alikwenda makaburini na ndimu na brashi ya waya ili alisafishe jiwe lisomeke. Alianzia chini. Alipoona jiwe linatoa povu alishtuka akaacha, lakini mstari wa saba ulikuwa umekwisha kuliwa.

Maamuzi kuhusu picha

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutolisoma jiwe kutoka katika picha zilizokuwapo, hata pale nilipodhani kwamba naona. Maandishi yaliyochongwa hayaonekani kwa rangi. Huonekana kwa kivuli. Jua la utosini au mwanga wa simu unaopiga moja kwa moja mbele ya jiwe huua kivuli chote, na jicho hubaki kusoma madoa ya chokaa na ukoga kana kwamba ni herufi. Nilimwomba mjukuu aende saa kumi na moja jioni, wakati jua lingelipiga jiwe kwa ubavu, asimame sawasawa mbele yake, aweke rula chini ya mstari, na apige kila mstari picha yake. Kisha arudi baada ya magharibi na tochi, aishike karibu na uso wa jiwe upande wa kushoto, halafu kulia, halafu juu, halafu chini, simu ikiwa haisogei. Akitoka hapo azitume kwa kuchagua `Document`, ili zifike zikiwa kamili. Jiwe lisiguswe kwa chochote isipokuwa maji safi na kitambaa laini.

Picha za tochi ndizo zilizolifungua jiwe. Nukta moja iliyozibwa na chokaa, ambayo mchana haikuonekana kabisa, ilitoa duara dogo la kivuli mwanga ulipotoka chini, na haikuonekana tena mwanga ulipotoka juu. Ndiyo sababu mwanga wa upande mmoja hautoshi.

Maamuzi kuhusu tarehe

Mwaka umeandikwa kwa maneno, na kama ilivyo kawaida ya Kiarabu unaanza na mamoja, kisha makumi, kisha mia, kisha elfu. Mia mbili na elfu hazikuwa na shaka. Shaka ilikuwa katika mamoja na makumi, na hapa panahitaji kutazamwa kwa karibu.

Neno la saba na neno la tisa, ambayo Kiswahili kiliyachukua kutoka humo humo, huandikwa kwa Kiarabu kwa herufi tatu tatu. Saba ni sini, be na aini. Tisa ni te, sini na aini. Sini ina meno matatu, yaani vijiti vifupi vinavyosimama juu ya mstari wa herufi. Be ina jino moja, na te pia ina jino moja. Ukiondoa nukta, maneno yote mawili ni meno manne yaliyopangana yakifuatwa na aini. Kinachoyatenga ni mambo mawili tu: nukta, yaani moja chini ya jino la nne kwa saba na mbili juu ya jino la kwanza kwa tisa, na urefu wa jino lile la peke yake, kwa sababu mwandishi mzuri huliinua kidogo lisichanganyike na meno ya sini. Hali ni hiyo hiyo kwa sabini na tisini. Wanahistoria wa Kiarabu waliijua hatari hii, na ndiyo maana katika vitabu vyao mara nyingi baada ya mwaka utakuta maneno ya kueleza kwamba sini imetangulia au te imetangulia. Jiwe la kaburi halina nafasi ya maelezo hayo.

Kwa hiyo, mtu aliyeona meno manne mara mbili bila nukta ana miaka minne mkononi: 1277, 1279, 1297 na 1299. Mfasiri wa kwanza alichagua 1297. Hakuchagua ovyo, kwani alijaribu kuipima tarehe kwa siku ya juma, jambo ambalo ni sahihi kulifanya. Kosa lake lilikuwa katika siku yenyewe.

Jiwe linasema "lailata thalatha". Masikio ya Mswahili yakisikia thalatha husikia tatu, na mkono huandika Jumatatu. Lakini Waarabu huanza kuhesabu siku kwa Jumapili, ambayo kwao ni siku ya kwanza, ilhali sisi tunaanza na Jumamosi, ambayo ndiyo mosi yetu. Kwa hiyo siku yao ya tatu ni Jumanne yetu, na siku yao ya nne ni Jumatano yetu. Tunakuja kukutana Alhamisi, ambayo tuliichukua kwa jina lao, na ndiyo maana juma letu lina siku mbili zenye tano ndani yake, Jumatano na Alhamisi.

Nilizipiga hesabu tarehe 12 Rajabu za miaka yote minne, kila moja nikiigeuza kuwa tarehe ya miladi na siku ya juma:

- 1277: Alhamisi, 24 Januari 1861
- 1279: Jumamosi, 3 Januari 1863
- 1297: Jumapili, 20 Juni 1880
- 1299: Jumanne, 30 Mei 1882

Hesabu hizi ni za kalenda ya jedwali, na mwezi ulioandama kwa kuonekana kwa macho unaweza kutofautiana nayo kwa siku moja mbele au nyuma. Sasa tazama kosa la siku lilivyofanya kazi. Ukiisoma Jumatatu, iko siku moja baada ya Jumapili ya 1297 na siku moja kabla ya Jumanne ya 1299, hivyo miaka yote miwili inakubalika na kipimo hakikuambii lolote. Ukiisoma Jumanne kama ilivyo, mwaka 1299 unaangukia palepale, 1297 uko mbali kwa siku mbili, 1277 pia kwa siku mbili, na 1279 kwa siku tatu. Unabaki mmoja.

Sikutaka kuitegemea hesabu ya jedwali peke yake, nikatafuta ushahidi wa mwezi wenyewe. Tarehe 17 Mei 1882 jua lilipatwa, kupatwa kulikoonekana kikamilifu huko Misri, na jua haliwezi kupatwa ila mwezi unapokuwa umekutana nalo. Kukutana huko kulikuwa asubuhi. Jioni yake mwezi ulikuwa mchanga mno kuonekana, na jioni ya tarehe 18 ulikuwa umepata zaidi ya saa thelathini. Mwezi mosi Rajabu kwa hiyo ni tarehe 19 Mei, na mwezi kumi na mbili ni tarehe 30, Jumanne.

Baada ya hapo tu ndipo nilipozirudia picha za tochi, ili nione kama jiwe linakataa. Halikukataa. Katika neno la mamoja, jino la kwanza limesimama juu ya yale matatu yanayolifuata. Katika neno la makumi, mwanga wa kutoka chini ulionyesha duara moja la nukta juu ya jino la kwanza. Ya pili imekwisha. Ni tisa na tisini. Bibi alifariki zaidi ya mwaka mmoja baada ya kumzaa baba yake mzee.

Palibaki neno "laila", usiku. Siku ya Kiislamu huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Lugha nyingi hulazimika kulieleza hilo kwa maneno mengi, lakini Kiswahili kina maneno yake tayari: usiku wa kuamkia Jumanne. Kwa hesabu ya miladi usiku huo ulianza tarehe 29 Mei, na kama bibi alifariki kabla ya saa sita ya usiku, tarehe 30 isingekuwa sahihi. Jiwe halisemi saa, kwa hiyo niliamua tarehe ya miladi iandikwe kuwa ni usiku wa 29 kuamkia 30 Mei 1882, na itanguliwe na tarehe ya hijiria, ambayo ndiyo tarehe ya jiwe.

Maamuzi kuhusu sifa za marehemu

Neno lililowaumiza wanaukoo kuliko yote ni "maskini". Jiwe limemwita bibi "al-faqira ila rahmati rabbiha", na mfasiri wa kwanza aliisikia fukara akaishia hapo. Lakini maneno hayo ni fungu moja lisilokatwa. Wameandikiwa hivyo masultani na matajiri, kwa sababu yanaeleza hali ya kila mja mbele ya Mungu. Niliandika: mhitaji wa rehema ya Mola wake.

"Al-hurra" ilihitaji uangalifu mkubwa zaidi. Katika Kiarabu cha heshima ni lakabu ya mwanamke mwenye hadhi. Malkia Arwa wa Yemen, aliyefariki mwaka 532 wa hijiria, ndiye anayejulikana zaidi kwa lakabu hiyo ya Sayyida Hurra. Tafsiri yake ya neno kwa neno ni huru. Lakini katika mwambao huu, mwaka 1882, utumwa ulikuwa bado upo, na mtu aliyetajwa kwamba ni huru alifahamika kuwa aliachwa huru na bwana wake. Neno lililo sahihi katika kamusi lilikuwa linageuza maana kaburini. Kiswahili kina neno lililobeba uhuru wa kuzaliwa na heshima pamoja, nalo ni mwungwana. Nikaandika: bibi mwungwana.

Kuhusu "ash-shahida", kibao cha kwanza kilisema aliuawa, na vijana wakaanza kutafuta vita ambavyo angeweza kufia. Katika mafundisho ya Kiislamu, hata hivyo, hupata daraja ya shahidi pia aliyekufa kwa tauni, kwa maradhi ya tumbo, kwa kuzama, kwa kuangukiwa na nyumba, na mwanamke aliyekufa kwa uzazi. Kwa bibi kijana aliyezaa mwaka uliotangulia, uzazi mwingine unafikirika haraka, na wanaukoo walitaka niandike hivyo. Nilikataa. Jiwe linatoa daraja, halitoi sababu, na kibao kikitaja uzazi kitakuwa kimeongeza habari ambayo wajukuu wa wajukuu wataipokea kama ushahidi. Niliacha neno shahidi peke yake, bila kitenzi cha kuua.

Maamuzi kuhusu sauti ya maandishi

Kibao cha kwanza kilisema "alikufa". Mtu wa pwani hasemi hivyo juu ya bibi yake. Lakini "alifariki" nalo limekuwa neno la vyeti na taarifa, na "marehemu" limechakaa zaidi: kwa Kiarabu ni aliyerehemewa, ni dua, ilhali kwetu sasa ni kusema tu kwamba mtu hayupo. Jiwe lina "al-marhuma" na "al-maghfur laha" kwa pamoja, na kuyafupisha yote kuwa marehemu ni kuziondoa dua mbili. Niliyafungua: aliyerehemewa, aliyesamehewa.

Kwa kifo chenyewe jiwe linasema amehama kutoka "dari l-fana" kwenda "dari l-baqa". Nilifikiria "alitangulia mbele ya haki", ambayo ni nzuri na kila mtu anaijua, lakini inaleta picha ya mahakama na hesabu, wakati picha ya jiwe ni ya nyumba mbili. Nilichukua kitenzi cha zamani, kugura. Mjukuu alihofia kwamba vijana hawatakielewa. Mzee alisema wataelewa kwa kuona kinachofuata.

Aya iliyo mstari wa pili, kutoka Surat Rahmani, niliiacha kwa Kiarabu kama ilivyo, ikiwa na namba zake, 26 na 27. Sababu haikuwa ugumu wa maneno. Katika ukoo huu wamo Masunni na Maibadhi, na neno "wajhu" la aya hiyo, ambalo wengine hulifasiri uso, Maibadhi hulieleza kuwa ni dhati ya Mungu. Kibao cha kaburi si mahali pa kuliamua hilo.

Matokeo

Kibao kipya kimewekwa, nacho kinasomeka hivi, majina yakiwa yameachwa:

"Hili ni kaburi la aliyerehemewa, aliyesamehewa, mhitaji wa rehema ya Mola wake, mwema, shahidi, bibi mwungwana, binti wa. Aligura nyumba ya kutoweka akaenda nyumba ya kubaki, usiku wa kuamkia Jumanne, mwezi 12 Rajabu, mwaka 1299, sawa na usiku wa 29 kuamkia 30 Mei 1882."

Shajara imechapwa upya na baba yake mzee amerudishwa chini ya mama yake. Nakala za awali zilikuwa zimekwisha kwenda kwa jamaa wa Maskati na wa Uingereza, na si zote zilizorudi; katika nyumba kadhaa mtoto yule bado ameandikwa kwa mama mwingine.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ni mpangilio wa kazi: kupima tarehe kwa siku ya juma kwanza, kisha kulirudia jiwe. Kama ningeanza na meno, nikiwa nimekwisha kumsikiliza mzee na kuuona msahafu, jicho langu lingekuwa linatafuta tisa. Hesabu haikumjua mzee. Msahafu wenyewe sikuutumia kuuchagua mwaka. Niliutumia mwishoni kuona kama kuna mgongano, na haukuwapo. Hata hivyo kipimo cha siku kina mipaka. Kingekuwa na nguvu kidogo mno kama jiwe lingesema Jumatatu kwa kweli, na hakifai kitu pale ambapo jiwe limetaja mwezi na mwaka tu, kama mawe mengi yalivyo.

Kosa la mfasiri wa kwanza katika mwaka nalisamehe kwa urahisi, kwa sababu picha alizopewa zisingemwezesha mtu yeyote. Ambalo siwezi kulipita ni kwamba hakumwambia mtu kuwa kulikuwa na miaka minne. Alikabidhi mwaka mmoja, ulionyooka, na ukoo ukaupokea kama umechongwa hivyo. Laiti angeandika pembeni kwamba nukta hazionekani, vijana wangemuuliza mzee kabla ya kumhamisha baba yake.

Mimi pia nilikosea katika utaratibu. Onyo la kutoligusa jiwe nililiweka mwisho wa maelezo marefu ya picha, nikalipeleka kwa mjukuu mmoja peke yake, wakati lilipaswa kuwa neno la kwanza kabisa na kuwafikia wote wenye ufunguo wa makaburi. Matumbawe na chokaa ni kitu kimoja kwa asili yake, na tindikali ya ndimu huviyeyusha vyote viwili. Povu aliloliona ndugu yule lilikuwa jiwe lenyewe likiondoka. Mstari wa saba ulianza na "katabahu", ameyaandika, na baada yake lilikuwapo jina la mwandishi. Katika picha za adhuhuri, zile zile mbaya za kwanza, huonekana alifu, kisha kitu kama he au mimu, kisha kivuli cha simu. Hakuna picha nyingine ya mstari huo.